Mashine ya kufulia ikikaa uani: mwongozo kamili wa kuikinga na jua, vumbi, wadudu na panya

Tulipoiinamisha mashine ile, kitu cha kwanza kudondoka kilikuwa soksi ya mtoto, imetafunwa mpaka imekuwa kama pamba. Nyuma yake yakafuata magunzi, manyoya ya kuku na vipande vya plastiki ya waya. Ilikuwa uani kwenye nyumba moja Tabata, Dar es Salaam. Mwenye nyumba aliniita kwa sababu mashine ilikuwa inajaza maji, inafua, kisha inasimama na maji tumboni. Panya walikuwa wamekata waya mmoja kati ya ile miwili inayopeleka umeme kwenye pampu ya kutolea maji.

"Lakini fundi, mimi naifunika kila siku," aliniambia yule mama, akinionyesha kifuniko kizuri cha zipu. Kweli alikuwa anaifunika. Ila kifuniko kilikinga juu na pembeni, na chini kukabaki wazi kama mlango wa banda. Juu yake giza na joto, ndani nguo za kutengenezea kiota: panya hahitaji zaidi ya hapo.

Nitaeleza kazi tuliyoifanya pale, maana mashine nyingi za mjini zinakaa vile vile: mlango mbele, kilo 7, upana sentimita 60 na kina 55, zimewekwa nje kwa sababu bafu ni dogo. Vitabu vya mashine nyingi huandika kwamba hazikutengenezwa kukaa nje, na muuzaji anaweza kukataa dhamana kwa sababu hiyo. Kama ndani kuna nafasi, iweke ndani. Kama hakuna, fanya hivi.

Kwanza, chagua ukuta

Jua la Dar halitoki upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hulalia kaskazini, na mwezi Juni hushuka mpaka nyuzi 60 hivi kutoka usawa wa ardhi. Kuanzia Oktoba hadi Machi huhamia kusini, lakini halishuki sana. Hata Desemba linabaki juu, kama nyuzi 73. Maana yake kwa mwenye mashine ni hii: upande wa kusini wa nyumba unakingika kwa paa fupi, upande wa kaskazini unataka paa refu. Bati likiwa mita 2 kutoka chini, upande wa kusini linahitaji kutokeza sentimita 60 mbele ya mashine ili kivuli cha mchana kifike mpaka miguuni. Upande wa kaskazini utahitaji mita 1 na sentimita 15.

Ukuta wa magharibi ndio mbaya kuliko yote. Saa kumi jioni jua linakuja limeinama, linapita chini ya paa lolote na kupiga moja kwa moja kwenye vitufe na mpira wa mlango. Mashine ya Tabata ilikuwa pale pale. Baada ya miaka 2 maandishi ya paneli yalikuwa yamefifia, droo ya sabuni imekuwa ya njano na inapasuka ukiivuta kwa nguvu, na bomba la kijivu la kutolea maji lilikuwa na nyufa ndogo kwenye mikunjo. Nyufa hizo ndizo za kuangalia: likunje bomba kidogo kwa mkono, na ukiona mistari kama ya tope lililokauka, libadilishe kabla halijapasuka.

Tuliihamishia upande wa kusini. Ubaya wa kusini ni upepo wa kusi, ambao kuanzia Aprili au Mei huleta manyunyu na mchanga. Kwa hiyo pamoja na bati tuliweka ukuta mwembamba wa pembeni upande wa magharibi: fremu ya mbao iliyowambwa neti nyeusi ya kivuli, ile inayotumika kwenye vitalu vya miche. Neti inakata jua la jioni na kupunguza vumbi, huku hewa ikiendelea kupita. Nailoni haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu huzuia hewa na kugeuza kona kuwa tanuri.

Wa ghorofani hachagui ukuta, anapewa baraza ilivyo. Huko kazi kubwa ni pazia la upande unaoingiza jua, na usidhani panya hawafiki. Panya wa darini hupanda mabomba, nyaya na matawi ya miti kwa urahisi.

Msingi wa kuikalisha

Kabla ya kuigusa mashine, chomoa plagi, funga koki, na toa maji yaliyobaki kupitia kile kifuniko kidogo cha chujio kilicho chini mbele. Mashine ya aina hii ina vipande vizito vya zege ndani, vya kuiweka imara, hivyo tafuta watu 3 wa kuibeba.

Tulimwaga zege la sentimita 75 kwa 75, unene 12. Inatosha nusu mfuko wa saruji, yaani ndoo moja ya lita 20 isiyojaa sana, kwa ndoo mbili za mchanga na nne za kokoto. Limwagilie maji siku 7 kabla ya kulipandisha mzigo. Juu liwe tambarare kabisa. Mwinuko wa kutiririsha maji uwe kwenye sakafu inayolizunguka.

Msingi huu hauzuii panya. Sentimita 12 kwake ni hatua moja. Kazi yake ni kuitoa mashine kwenye maji ya mvua, kupunguza mchanga unaorushwa na matone, na kukuwezesha kumulika tochi chini na kuona. Mpangaji asiyeruhusiwa kumwaga zege anaweza kuchomelewa stendi ya chuma, mradi isiwe na magurudumu na kila mguu wa mashine ukae juu ya chuma kizima. Stendi nyepesi hutikisika mashine inapokamua, na mashine inayotembea itachana kinga yote utakayoifunga.

Sinia la wavu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mashine nyingi za mlango mbele zina sehemu ya chini iliyo wazi au iliyofunikwa nusu, na zile za kufungulia juu mara nyingi ziko wazi zaidi. Kuna zinazouzwa na bati au plastiki maalumu ya kufunika chini, nayo hubaki kwenye boksi kwa sababu aliyeifunga mashine hakuona haja. Tafuta kwenye boksi kwanza.

Kama haipo, nunua wavu wa waya uliopakwa zinki, wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Kipimo hicho kina sababu: kipanya kidogo cha nyumbani anapenya tundu linalozidi hapo kidogo tu. Wavu wa kuku una matundu makubwa, anapita bila kujikunja. Wavu wa mbu wa plastiki anautafuna kwa usiku mmoja, na ule wa aluminiamu laini haumchukui muda mrefu. Bamba zima la bati nalo silipendi chini ya mashine. Linaziba hewa inayopoza mota, na bomba likivuja maji yanatuama humo bila wewe kujua.

Watu wengi huufunga wavu kwa skrubu kwenye ukingo wa chini wa mashine. Naepuka njia hiyo. Unatoboa bati lililopakwa rangi, kutu inaanza, na ngoma ikijaa maji na nguo inashuka na kuyumba, inaweza kuugusa wavu uliofungwa juu kupita kiasi. Njia yangu ni sinia: wavu unalala juu ya zege, kingo zake zinapanda kuikumbatia mashine kwa nje.

Kata kipande cha sentimita 80 kwa 70. Upande wa upana kunja sentimita 10 kulia na 10 kushoto, zibaki 60. Upande wa kina kunja 10 nyuma na 5 tu mbele, zibaki 55. Mbele pawe pafupi kwa makusudi, ili kifuniko cha chujio kiendelee kufunguka. Pima mashine yako kwanza, kwa sababu kina hutofautiana sana. Kwenye pembe kata mpasuko mmoja, kunja ulimi uliobaki kuzunguka kona na uushone kwa waya wa kufungia nondo. Ncha za waya zigeuzie nje na chini. Ndani zitakwaruza rangi, na zikiachwa wima zitachana mikono.

Halafu weka alama mahali pa miguu 4 na ukate matundu ya sentimita 5 au 6, ili mguu usimame kwenye zege. Mguu ukikaa juu ya wavu mashine inateleza na kupiga kelele. Usiogope matundu haya, kwa kuwa wavu umelala juu ya zege na hakuna njia chini yake.

Inueni mashine, iketisheni ndani ya sinia, kisha ilinganisheni kwa pimamaji kwa kuzungusha miguu na kukaza nati zake. Kati ya wavu na ubavu wa mashine pitisha utepe wa tyubu kuukuu ya baiskeli, halafu zungusha waya mmoja nje kuukaza wote. Tyubu inazuia msuguano na kuziba upenyo. Hakikisha haitokezi juu ya wavu, nitaeleza kwa nini.

Jaribu kwa kufua nguo chache na kuzikamua kwa mwendo wa mwisho. Sikiliza. Mlio wa chuma kugongana unamaanisha kona moja imelegea au mashine haijalingana. Rekebisha siku hiyo hiyo.

Mgongo wa mashine, mabomba na soketi

Geuka nyuma. Mashine ya mlango mbele huja na boliti ndefu za kuishikilia ngoma wakati wa kusafirishwa, nazo huondolewa kabla ya kufua. Zinaacha matundu, kwa kawaida 3 au 4, na kila tundu lina kizibo chake cha plastiki kwenye boksi. Katika mashine nyingi nilizofungua uani vizibo hivyo havikuwepo. Ile ya Tabata ilikuwa na matundu 4 wazi, na kwenye moja nyigu walikuwa wamejaza udongo. Kama vizibo vimepotea, kata vipande vya wavu ule ule, weka juu ya matundu na ubandike kwa silikoni pembeni.

Bomba la kutolea maji liingize kwenye bomba wima la plastiki la inchi 2, mdomo wake ukiwa kati ya sentimita 60 na 100 kutoka pale mashine iliposimama; kitabu cha mashine yako kitakupa kipimo chake. Ncha isizame ndani ya maji, na usizibe kabisa nafasi inayoizunguka, kwa sababu pasipo hewa maji yanaweza kujivuta yenyewe wakati wa kufua. Zungushia wavu wa milimita 6 tu. Wavu usiufunge kwenye ncha yenyewe ya bomba, utakamata nyuzi za nguo na kuziba baada ya mafuo machache. Chini kabisa, kabla ya kwenda kwenye karo, bomba liwe na kona ya U inayobaki na maji. Kona hiyo inazuia harufu na mende, na inapunguza panya wanaopanda kutoka shimoni, ingawa panya mkubwa anaweza kupiga mbizi.

Soketi ya nje iwe na kifuniko cha kuzuia mvua, iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi, na itoke kwenye kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile kilichoandikwa RCD na 30 mA. Hili naliweka kwenye habari ya panya kwa sababu waya uliotafunwa ukigusa bati lenye maji, mtu wa kwanza kuugundua ni anayefungua mlango wa mashine kwa mkono wenye sabuni.

Kifuniko na vumbi

Sasa kifuniko kina maana. Chagua turubai jepesi la rangi nyeupe au ya fedha, lishuke mpaka sentimita 15 hivi kutoka chini ili sinia lionekane na hewa ipande. Lile la nailoni inayong'aa, la kufunga zipu pande zote, hutunza mvuke ndani. Ukilivua asubuhi utakuta matone kwenye paneli. Usiifunike mashine iliyotoka kufua sasa hivi, na usifue ikiwa imefunikwa hata nusu.

Shida kubwa ni mlango. Ukiufunga mbichi, mpira unaota ukungu mweusi na kunuka. Ukiuacha wazi usiku, unakaribisha mende, mijusi na hata paka. Ninachowashauri watu ni kumaliza kufua kabla ya adhuhuri. Futa mkunjo wa ndani wa mpira kwa kitambaa kikavu, acha mlango wazi mchana chini ya kipande cha chandarua kuukuu chenye lastiki, kisha ufunge kabla ya magharibi. Kama kuna watoto wadogo uani, usiuache wazi bila mtu mzima karibu, na angalia ndani ya ngoma kila mara kabla ya kuwasha.

Vumbi lenyewe ondoa kwa brashi laini, halafu kitambaa kilichokamuliwa. Watu huchukua mpira wa bustani wakaiosha mashine kama gari. Maji yanapenya nyuma ya paneli na kufika kwenye bodi ya umeme. Mara moja kwa mwezi fungua bomba la kuingizia maji ukasafishe kichujio chake kidogo, hasa kama maji yanatoka kwenye tangi lenye mchanga chini.

Sisimizi, mende na nyigu

Chomoa plagi kila unapomaliza. Mashine iliyozimwa kwa kitufe tu bado ina umeme kwenye bodi, na joto lile dogo huwavuta wadudu. Sisimizi wakiingia kwenye swichi ya kufuli ya mlango, mizoga yao hukaa kati ya vyuma vinavyogusana kupitisha umeme na mashine inadai mlango haujafungwa. Mjusi akikanyaga sehemu mbili za bodi yenye umeme anakufa, na bodi inaungua naye.

Droo ya sabuni ivute nje kila wiki uioshe, maana mabaki ya sabuni na ya kilainisha nguo huganda humo na kuvuta sisimizi. Ukiona mstari wao, ufuate mpaka shimoni na uwatibu huko. Kwa mende tumia dawa ya jeli, tone dogo kwenye kona za msingi, nje ya mashine na mbali na watoto na kuku. Usipulize dawa ya kopo ndani ya matundu ya mashine wala kwenye soketi, gesi yake nyingi huwaka na mafuta yake hubaki kwenye bodi. Wenye stendi ya chuma wanaweza kupaka grisi mkanda wa vidole viwili kuzunguka kila mguu. Inafanya kazi mpaka vumbi liifunike, kisha lazima uifute na kupaka upya.

Ukaguzi, na ukikuta dalili

Mara moja kwa wiki mulika tochi kuzunguka sinia. Mavi ya panya mkubwa yana urefu wa sentimita 1 na zaidi, ya kipanya ni kama punje ndogo za mchele mweusi. Michirizi ya mafuta meusi ukutani ni njia yao ya kila siku. Usifagie mavi makavu: yalowanishe kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 10, subiri dakika chache, halafu okota kwa karatasi ukiwa na glavu.

Mitego ya kubana iweke usiku ikigusa ukuta, chambo kikiwa dagaa au karanga iliyosagwa, kwa sababu panya hutembea akiambaa. Sumu usiweke ndani wala chini ya mashine. Anakula, anaingia kufia mahali usipofika, na harufu utaishi nayo wiki kadhaa. Vidonge vya naftalini navyo hewani uani huisha nguvu haraka.

Mashine iliyokaa wiki mbili bila kutumika usiiwashe hivi hivi. Inuse, imulike chini na nyuma, kagua waya wa plagi kwa urefu wake wote. Kisha iendeshe tupu kwa mzunguko mfupi wa kusuuza ukiwa umesimama karibu. Ikikata umeme, ikivuja, ikikataa kutoa maji, au ukihisi mtetemo wa umeme vidoleni ukiigusa, zima kwenye swichi kuu, chomoa, na uite fundi aifungue. Usijaribu mara ya pili.

Pale Tabata nilirudi baada ya miezi 6. Sinia lilikuwa zima, chini pakavu, bila kiota. Ila kwenye kona ya nyuma tyubu ilikuwa imetokeza kidole kimoja juu ya wavu, na hapo palikuwa na alama mpya za meno. Niliikata ikawa sawa na ukingo, nikakaza waya, na yule mama akasogeza mtego mpaka kwenye kona ile.